Hesabu Nukta Kabla Hujagusa Karatasi

Chora mraba. Ndani yake piga mistari miwili ya mshazari kutoka kona hadi kona, kisha uweke paa la pembetatu juu. Hiyo ni nyumba inayochorwa sana nyuma ya madaftari mwalimu anapolipa darasa mgongo, na mchezo wenyewe una masharti mawili tu: penseli isinyanyuke mpaka nyumba iishe, na mstari uliokwisha kuchorwa usirudiwe. Kuukatiza ruhusa, kuupitia tena marufuku.

Mpe mtu yeyote karatasi uone. Mmoja atafaulu jaribio la kwanza, na ukimwambia arudie atashindwa. Mwingine ataanzia kwenye ncha ya paa, atajaza ukurasa mzima kwa nyumba zenye pengo, na kila mara atabakiwa na mstari mmoja au zaidi. Atadhani hana bahati. Kumbe hata angekesha asingefanikiwa, kwa sababu kwa kuanzia kwenye paa nyumba hiyo haichoreki. Akianzia kwenye kona yoyote ya chini inachoreka, tena kwa njia nyingi. Ujerumani watoto huichora huku wakikariri maneno yenye silabi nane kuhusu nyumba ya Nikolaus, silabi moja kwa kila mstari, na ukiorodhesha njia zote zinazoanzia kona ya chini kushoto unapata 44.

Jambo la kuvutia ni kwamba haya yote yanajulikana kabla penseli haijagusa karatasi. Huhitaji kujaribu. Unahitaji kuhesabu, na hesabu yenyewe ni ya mtoto wa darasa la pili.

Mistari mingapi inakutana hapa?

Zipe kona za nyumba majina. A ni kona ya chini kushoto, B chini kulia, C juu kulia, D juu kushoto, na E ncha ya paa. Kisha simama kwenye kila nukta na uulize: ni mistari mingapi inaanzia au kuishia hapa?

Kwenye A ni mitatu: wa sakafu, wa ukuta na wa mshazari. B nayo ina mitatu. C ina minne, kwa kuwa mbali na ukuta, dari na mshazari unaongezeka mstari wa paa. D pia ina minne. E ina miwili. Katikati ya mraba mishazari inakatizana, na ukipenda kuhesabu hapo utapata minne. Mistari miwili inayokatizana tu siku zote hutoa nne, kwa hiyo katikati haitabadilisha uamuzi wowote.

Sasa tenganisha witiri na shufwa. Nukta yenye mistari miwili, minne au sita ni shufwa. Yenye mmoja, mitatu au mitano ni witiri. Nyumba yetu ina nukta witiri mbili, A na B, na nyingine zote ni shufwa. Kanuni inasema hivi: mchoro ulioshikana wote ukiwa hauna nukta witiri hata moja, unachoreka kwa mkono mmoja kuanzia popote, na utamalizia pale pale ulipoanzia. Ukiwa na nukta witiri mbili, unachoreka pia, lakini lazima uanzie kwenye mojawapo na umalizie kwenye nyingine. Zikizidi mbili, weka penseli chini.

Sababu yake ni rahisi. Fikiria penseli ni mgeni anayepita chumbani, na kila mstari ni mlango unaotumika mara moja tu. Mgeni akiingia kwa mlango mmoja, hutoka kwa mwingine, na kila anapopita milango miwili inakwisha. Chumba chenye milango minne kitapitwa mara mbili, na hesabu yake itafungika bila salio. Chumba chenye milango mitatu kina tatizo: mgeni ameingia kwa wa kwanza, ametoka kwa wa pili, na wa tatu umebaki peke yake. Akiutumia kuingia, hana pa kutokea. Hapo ndipo safari inaishia. Njia nyingine pekee ya kuumaliza mlango huo wa ziada ni mgeni kuwa alianza akiwa ndani, akautumia kutoka.

Basi kila nukta witiri ni lazima iwe mwanzo au mwisho wa safari. Safari moja ina mwanzo mmoja na mwisho mmoja, kwa hiyo nukta za namna hiyo zisizozidi mbili ndizo inazoweza kuzibeba. Ndiyo maana aliyeanzia kwenye paa hafaulu. Ametumia nafasi ya mwanzo kwenye nukta E isiyoihitaji, na nafasi iliyobaki ni moja wakati A na B zote zinaidai.

Jumla inayokusahihisha

Kuna kosa moja ambalo hesabu hii inalikamata yenyewe. Ukijumlisha idadi ulizopata kwenye nukta zote za nyumba, yaani 3, 3, 4, 4 na 2, unapata 16, ambayo ni mara mbili ya mistari minane. Haikutokea kwa bahati. Kila mstari una ncha mbili, na kila ncha imehesabiwa mara moja mahali fulani, kwa hiyo jumla ni maradufu ya mistari na haiwezi kuwa witiri. Kinachofuata ni kwamba nukta witiri zenyewe huja kwa jozi: hakuna, mbili, nne, sita. Ukihesabu ukapata tatu, usianze kutafuta maana yake. Umeruka mstari, rudia.

Makosa ya kawaida yako mahali pawili. Mstari unaoishia hewani, kama mkia wa kishada, una ncha ambayo ni nukta yenye mstari mmoja, na hiyo ni witiri ingawa hakuna kinachokutana pale. Na kitanzi kinachotoka kwenye nukta na kurudi kwenye nukta hiyo hiyo kinahesabiwa mara mbili, kwa sababu ncha zake zote mbili ziko hapo.

Toa paa, ongeza msingi

Namna nzuri ya kuuona uwezo wa hesabu hii ni kuibadilisha nyumba kidogo kidogo. Ondoa paa, ubaki na mraba na mishazari yake, kama bahasha iliyofungwa. C na D zimepoteza mstari mmoja mmoja, kwa hiyo kona zote nne sasa zina mistari mitatu. Nukta witiri ni nne. Mchoro umekuwa mwepesi kwa mistari miwili, macho yanauona rahisi kuliko nyumba, lakini hauchoreki. Wengi hunaswa hapa, maana mazoea yetu ni kwamba chenye mistari michache ni chepesi. Ugumu hauko kwenye wingi wa mistari.

Bahasha hiyo inahitaji kunyanyua penseli mara moja, yaani mikupuo miwili. Hilo nalo latoka kwenye hesabu: kila mkupuo hubeba nukta witiri mbili, kwa hiyo gawa idadi yake kwa mbili. Nne hudai mikupuo miwili, sita hudai mitatu. Chora dirisha la vioo vinne, yaani mraba wenye msalaba unaogusa pande zote. Kona za nje zina mistari miwili kila moja, katikati pana minne, na pale msalaba unapogusa fremu pana mitatu, sehemu nne. Jibu ni mikupuo miwili, wala hakuna ufundi wa mkono utakaoipunguza.

Sasa irudishe nyumba na paa lake, kisha uiongezee pembetatu nyingine chini ya sakafu, ikielekeza ncha ardhini. A na B zinapata mstari mmoja zaidi na kuwa na minne. Nukta zote ni shufwa. Mchoro umefikia mistari kumi na ndio rahisi kuliko yote matatu: anzia popote upendapo, hata kwenye ncha ya paa, na utarudi hapo hapo. Paa ndilo lililoifanya bahasha ichoreke, kwa sababu liliwashika C na D, wawili kati ya wanne waliokuwa na upungufu. Msingi ukawashika wawili waliobaki.

Madaraja saba

Aliyeweka hesabu hii hadharani ni Leonhard Euler, mwanahisabati Mswisi aliyekuwa akifanya kazi kwenye Chuo cha Sayansi cha Saint Petersburg nchini Urusi. Swali lililomfikia halikuwa la penseli bali la miguu. Mji wa Königsberg huko Prussia, ambao leo ni Kaliningrad nchini Urusi, umekatwa na mto Pregel. Katikati ya mto kulikuwa na kisiwa cha Kneiphof, na madaraja saba yaliunganisha kisiwa hicho, kingo mbili za mto, na eneo la mashariki lililo kati ya mikono miwili ya mto. Je, mtu anaweza kutembea na kuvuka kila daraja mara moja tu?

Euler aliwasilisha jibu lake chuoni mwaka 1735, likachapishwa mwaka 1741. Hakuchora hata mchoro mmoja wa nukta na mistari kama tunavyofanya leo. Aliyapa maeneo manne ya ardhi herufi kubwa na madaraja saba herufi ndogo, kisha akahesabu. Kisiwa kilikuwa na madaraja matano, na kila moja ya sehemu tatu zilizobaki lilikuwa na matatu. Sehemu zote nne ni witiri, kwa hiyo matembezi hayo hayawezekani. Hakuhitaji kujua urefu wa daraja wala upana wa mto, kwani havina nafasi katika swali hili. Kinachohusika ni kipi kimeunganishwa na kipi.

Hesabu hiyo hiyo inajibu na swali la mhandisi. Mkijenga daraja la nane kati ya sehemu zozote mbili, hizo mbili zinakuwa shufwa na matembezi yanawezekana kati ya mbili zilizosalia. Mkilijenga na la tisa kati ya hizo zilizosalia, mtembeaji anaweza kurudi nyumbani kwake. Historia ilikwenda kinyume. Madaraja mawili yaliangamia kwa mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia, na baada ya mabadiliko ya baadaye njia za kuvukia zilizobaki kwenye maeneo yale ni tano. Sehemu mbili sasa zina madaraja mawili mawili, na mbili zina matatu matatu. Matembezi yaliyoshindikana kwa madaraja saba yanawezekana kwa matano.

Hesabu imekubali, lakini mkono umekwama

Hapa tunafika penye kazi kubwa zaidi. Kuonyesha kwamba nukta witiri zikizidi mbili mchoro haufai ni rahisi, mfano wa mgeni na milango unatosha. Lakini nani kasema zikiwa mbili au zisipokuwepo mchoro lazima uchoreke? Euler alilisema hilo bila kulithibitisha kikamilifu. Uthibitisho ulikuja kwa Mjerumani Carl Hierholzer, aliyefariki mwaka 1871 akiwa bado kijana na kabla hajaandika alichogundua. Alikuwa amewasimulia wenzake, nao wakakiandika kutoka kichwani na kukichapisha kwa jina lake mwaka 1873.

Uzuri wa uthibitisho wake ni kwamba ni maelekezo ya kuchora. Turudi kwenye nyumba yetu na tukwame kwa makusudi. Anzia A, panda ukuta hadi D, shuka mshazari hadi B, rudi kwa sakafu hadi A, panda mshazari hadi C, shuka ukuta hadi B. Sasa uko B na mistari yake mitatu imekwisha. Huwezi kwenda popote, na mistari mitatu ya juu, CE, ED na DC, haijaguswa.

Wengi hukunja karatasi hapo na kuanza upya. Tazama kwanza umekwama wapi. Umekwama B, na kama ulianzia A usingeweza kukwama penginepo, kwa sababu kila nukta shufwa uliyoingia ilikuwa na mlango wa kutokea. Kisha tazama kilichobaki: ni pembetatu C, E, D, ambayo ni mzunguko uliofungika. Kilichobaki lazima kiwe na nukta shufwa tupu, maana safari yako imeshakula sehemu witiri ya A na ya B. Na pembetatu hiyo inagusa njia uliyopita, kwa mfano kwenye C.

Basi usifute kitu. Irudie safari ile ile, ila ukifika C, kabla ya kushuka kwenda B, zunguka kwanza pembetatu: C, E, D, C. Safari kamili inakuwa A, D, B, A, C, E, D, C, B. Hesabu hatua zake, ni nane, na hakuna iliyojirudia. Mchoro ukiwa mkubwa utabakiwa na mizunguko mingi, na kila mmoja unapachikwa hivyo hivyo pale unapogusa njia, mpaka mistari iishe. Mradi mchoro ni kipande kimoja, mzunguko uliobaki hauwezi kukosa mahali pa kugusa. Ukiwa vipande viwili visivyogusana, kama duara ndogo katikati ya duara kubwa, nukta zote zaweza kuwa shufwa na bado penseli haitafika upande wa pili. Ndiyo sababu kanuni ilianza na sharti la kushikana.

Kwa anayechora bila kupanga, kuna tahadhari moja ya kumwepusha kukwama: usipite kwenye mstari ambao ndio kiungo pekee kati ya ulipo na mistari ambayo bado, isipokuwa huna mwingine. Kwenye safari yetu kosa lilitokea pale C, tuliposhuka kwenda B wakati paa lilikuwa bado.

Mchangani Angola

Si kila desturi ya kuchora kwa mkono mmoja inatosheka na hesabu hii. Wachokwe wa Angola na maeneo jirani ya Kongo na Zambia wana michoro iitwayo sona. Mchoraji husawazisha mchanga, hutoboa safu za vitobo kwa ncha za vidole, kisha huzungusha mstari kati ya vitobo hivyo huku akisimulia hadithi au fumbo. Mstari unaosita humwaibisha msimuliaji.

Ukipima sona nyingi kwa kanuni ya witiri, zote hupita kirahisi, kwa kuwa mstari unajikatiza tu na kila makutano yana minne. Lakini mchoraji ana sharti gumu zaidi: akifika kwenye makutano hapindi, hupita moja kwa moja. Kwa sharti hilo hesabu yetu haisaidii tena, kwa sababu inasema tu kwamba njia ipo, haisemi kuwa njia hiyo imenyooka. Paulus Gerdes, mwanahisabati wa Msumbiji aliyeichambua sana michoro hii, alionyesha kwamba katika aina inayofanana na ukili wa mkeka, jibu liko kwenye idadi ya safu na ya vitobo katika kila safu. Kigawo kikubwa kuliko vyote kinachozigawa namba hizo mbili ndicho idadi ya mistari. Safu tano za vitobo sita zinazungukwa na mstari mmoja. Safu nne za vitobo sita zinahitaji miwili.

Gari la taka na nukta witiri

Mtaani, swali hugeuka. Gari la taka haliwezi kuambiwa kwamba mtaa hauchoreki. Lazima lipite kila barabara, na kama ni lazima kurudia baadhi, swali ni jinsi ya kurudia kidogo iwezekanavyo. Mwanahisabati wa Kichina Guan Meigu alilichapisha swali hili mwaka 1960 kwa mfano wa mgawa barua, na njia yake inaanza na hesabu ile ile ya nukta witiri.

Chukua mtaa wenye umbo la lile dirisha la vioo vinne: vitalu vinne vya nyumba, makutano tisa, na vipande kumi na viwili vya barabara, kila kimoja mita 100. Barabara zote pamoja ni mita 1,200. Makutano manne ya katikati ya pande ni witiri. Kila kipande kinachorudiwa ni kama mstari mpya uliochorwa juu ya ule wa zamani, kwa hiyo kinaongeza moja kwenye kila ncha yake. Kazi ni kuziunganisha nukta witiri mbili mbili kwa njia fupi, ili zote ziwe shufwa. Hapa kutoka nukta witiri moja hadi nyingine ni mita 200, vyovyote utakavyozipanga jozi. Jozi mbili ni mita 400. Gari linaloanzia na kuishia yadi moja halitaweza kupunguza chini ya mita 1,600, hata dereva awe mjuzi wa mitaa kiasi gani.

Likiruhusiwa kuanzia kwenye nukta witiri moja na kumalizia kazi kwenye nyingine, jozi moja tu ndiyo ya kurekebishwa, na safari inashuka hadi mita 1,400. Katika mitaa halisi vipande havilingani urefu na jozi huwa nyingi, na kuchagua jozi zipi ziungane ndiko kazi ilipo. Barabara za upande mmoja zina hesabu yake, maana hapo kila makutano yanatakiwa kuwa na njia za kuingilia sawa na za kutokea. Hata hivyo, mpangaji wa njia akiwa na ramani na kalamu nyekundu ana pa kuanzia: azungushie duara kila makutano yenye barabara tatu, tano au moja. Duara hizo zikiwa nyingi na mbalimbali, gari litarudia sana. Ikiwa kuna kichochoro kipya cha kufungua kati ya duara mbili, gari litakipita kimoja hicho badala ya kuirudia njia ndefu inayoziunganisha sasa.